Nyonga ya mtoto mchanga: kutoka mikono ya mkunga hadi mikanda ya Pavlik

Tumchukue mtoto wa mfano. Ni wa kike, wa kwanza kwa mama yake, amezaliwa Mkoani, Pemba, kwa upasuaji katika wiki ya 38 kwa sababu alikuwa ametanguliza matako. Uzito wake kilo 3.1. Siku ya pili mkunga anampima nyonga zote mbili: miguu inafunguka vizuri, urefu uko sawa, hakuna kinachochomoka wala kuyumba. Mama anaambiwa mtoto mzima, wanarudi nyumbani.

Kwa upande wa nyonga, neno hilo limesemwa mapema mno. Mtoto wa kike aliyekaa matako chini hadi mwisho wa mimba anahitaji altrasaundi ya nyonga hata kama mikono ya mkunga haikugundua kitu, kwa kuwa kuna hitilafu ambayo mkono hauna uwezo wa kuihisi.

Nyonga ni mahali ambapo kichwa cha duara cha fupa la paja kinaingia ndani ya kikombe cha fupa la kiuno. Kwa mtoto mchanga sehemu kubwa ya vyote viwili bado ni gegedu laini, na kikombe hakijapata umbo lake. Kikombe hukomaa kwa kukaliwa. Kichwa kikitulia katikati, mfupa hujengeka kukizunguka mpaka kikombe kinapata kina kama kifuu cha nazi. Kichwa kikiegemea ukingoni, gegedu la ukingo husukumwa juu, mfupa hukosa kitu cha kuuongoza, na kikombe hubaki bapa. Kwa hiyo tunazungumzia ngazi za tatizo moja. Ngazi ya chini ni kikombe kifupi ambacho kichwa bado kimo ndani yake. Inayofuata ni kichwa kinachoyumba na kusukumika hadi ukingoni. Halafu kipo kilichokwisha kutoka lakini kinarudishika, na mwisho kilichotoka kisichorudi. Katika ngazi zote hizo mtoto mchanga hasikii maumivu. Ananyonya, anarusha miguu, analala. Nyingi ya nyonga hizi zisizogunduliwa hujulikana mtoto anapoanza kutembea akichechemea, na wakati huo mikanda ya Pavlik ya kuishika nyonga haifai tena.

Mkunga wa kituo cha mjini au cha shamba hana haja ya kukariri orodha ndefu ya walio hatarini. Mambo mawili ndiyo yanayotosha kumpeleka mtoto kwenye altrasaundi hata akipimwa na kuonekana sawa: kwamba alikuwa ametanguliza matako katika wiki ya 36 au baada yake, hata kama baadaye aligeuka na kuzaliwa kwa kichwa; na kwamba mzazi wake au ndugu yake wa tumbo moja alipata kutibiwa nyonga utotoni. Hilo la pili linataka kuulizwa kwa lugha ya nyumbani. Ukimuuliza mama kama kuna historia ya hitilafu ya nyonga katika familia atasema hapana. Muulize kama kuna mtu kwao aliyekuwa akichechemea tangu mdogo au aliyefungwa plasta kiunoni alipokuwa mtoto, na hapo utasikia habari ya dada wa baba. Kuwa mtoto wa kike, kuwa wa kwanza, na maji kuwa machache tumboni huongeza uzito, na nyonga ya kushoto huathirika zaidi kwa sababu watoto wengi hulala tumboni mguu wa kushoto ukiwa umebanwa dhidi ya uti wa mgongo wa mama.

Kuna kitu kimoja baada ya kuzaliwa ambacho kiko mikononi mwa watu wa nyumbani, nacho ni jinsi mtoto anavyoviringwa. Kumfunika mtoto kanga si kosa. Kosa ni kumnyoosha miguu, kuibananisha, na kuikaza kwa kitambaa mpaka haikunjiki, maana mguu ulionyooka na kubanwa ndani huelekeza kichwa cha fupa kwenye ukingo wa nyuma wa kikombe. Mviringe kifua na mikono ukipenda, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini kanga iwe na nafasi ya magoti kukunjika na kutanuka. Kinyume chake, kumweleka mtoto kwa mbeleko au kumbeba ubavuni huku mapaja yakiwa yametanuka kwenye mwili wa mbebaji ni mkao mwema kwa nyonga, na katika jamii zinazobeba hivyo tatizo hili huonekana kwa uchache. Lakini mbeleko haimfutii hatari mtoto aliyetanguliza matako.

Sasa turudi kwenye kipimo cha mikono, kwa sababu namna kinavyofanywa ndiyo inayoamua kama kina maana. Mtoto awe ameshiba, ametulia, nepi imevuliwa, mikono ya mpimaji ina joto, na kitanda si laini cha kudidimia. Mtoto anayelia hukaza misuli, na misuli iliyokazwa huficha nyonga inayoyumba. Pima upande mmoja kwa wakati, mkono wa pili ukituliza kiuno. Kunja nyonga na goti kiasi cha digrii 90, kidole gumba kikae ndani ya paja na vidole viwili vya katikati viguse ule mfupa unaochomoza nje juu ya paja. Kipimo cha Barlow, daktari wa Uingereza aliyekieleza mwaka 1962, kinauliza kama nyonga iliyo ndani inaweza kutoka: leta paja ndani kidogo na sukuma kwa upole kuelekea kitandani. Kipimo cha Ortolani, daktari wa watoto wa Italia aliyekitangaza mwaka 1937, kinauliza kinyume chake, yaani kama nyonga iliyotoka inaweza kurudi: fungua paja kwenda nje huku vidole vikiinua ule mfupa wa nje kuelekea mbele. Jibu la kipimo ni mwendo unaouhisi, kichwa kikiruka ukingo kwa mshindo mzito. Mlio mdogo wa juujuu, kama wa kifundo cha kidole, bila kitu kuhama, mara nyingi hutoka kwenye kano na si dalili. Na usirudie kipimo cha Barlow mara kumi ili kuwaonyesha wanafunzi. Nyonga inayoyumba haifaidiki kwa kuyumbishwa.

Mtoto ambaye nyonga yake imetoka tayari na inarudi kwa Ortolani aonwe na daktari wa mifupa mapema, bila kusubiri wiki kadhaa. Aliye na Barlow tu anaweza kupimwa tena baada ya wiki mbili, kwa kuwa nyonga nyingi zinazoyumba wakati wa kuzaliwa hutulia zenyewe. Barlow mwenyewe aliona zaidi ya nusu zikitulia ndani ya wiki ya kwanza.

Vipimo hivi vina mwisho wake. Baada ya miezi miwili au mitatu misuli huimarika, nyonga iliyotoka huganda ilipo, na mshindo hausikiki tena. Kuanzia hapo dalili ya kuaminika ni paja lisilofunguka. Mlaze chali, kunja nyonga zote mbili, fungua mapaja kwa pamoja, na tazama upande unaokwama mapema. Tazama pia urefu wa magoti miguu ikiwa imekunjwa na nyayo ziko kitandani: goti la upande wenye tatizo huwa chini. Mikunjo ya ngozi ya paja isiyolingana huwatia watu wasiwasi zaidi kuliko inavyostahili. Watoto wengi wazima wanayo. Anayehitaji macho zaidi ni yule ambaye nyonga zote mbili zimetoka. Magoti yatakuwa sawa, mapaja yatafunguka sawa, na mpimaji anayetafuta tofauti ya kulia na kushoto atamruhusu aende. Kwa huyo ulinganifu haukusaidii. Jiulize kama mapaja yote mawili yanafunguka kiasi cha kutosha, si chini ya digrii 60 kila upande.

Mtoto wetu wa Mkoani hakuwa na lolote kati ya hayo, ila matako. Altrasaundi yake ifanywe lini? Kati ya wiki ya nne na ya sita. Mapema zaidi ya hapo nyonga nyingi huonekana changa tu na hukomaa bila tiba, hivyo utawafunga mikanda watoto wasioihitaji. Ukichelewa sana unapoteza wiki ambazo gegedu hujengeka kwa kasi. Kwa bahati njema umri huo unaangukia karibu na arobaini, na mkunga anaweza kumwambia mama kwa maneno mepesi: "Mwanangu, ukimaliza arobaini safari yako ya kwanza na mtoto iwe ya kipimo cha nyonga." Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia huhesabiwa wiki kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Kabla ya kupanda boti kutoka Mkoani kwenda Malindi, Unguja, kuna swali la kuuliza kwa simu. Kwenye vyumba vingi vya altrasaundi kazi kubwa ni wajawazito, na kichwa cha mashine kinachotumika huko ni kile kilichopinda. Kwa nyonga ya mtoto hakifai, kwa sababu kinasambaza mawimbi kama feni na pembe zinapotoka. Kinachotakiwa ni kichwa bapa, kile kile kinachotumika kupima tezi ya shingo au mishipa ya damu, cha megahezi 7 au zaidi kidogo kwa mtoto wa umri huu. Uliza pia kama mpimaji amewahi kupima nyonga za watoto kwa njia ya Graf. Reinhard Graf, daktari wa mifupa wa Austria, aliieleza njia hiyo mwaka 1980, na nguvu yake iko katika ukali wa masharti yake.

Mtoto hulazwa ubavu kwenye kilalio chenye mfereji, mguu unaopimwa ukiwa juu, umekunjwa kidogo na kugeuzwa ndani kidogo. Mama husimama mbele yake na kumtuliza kwa mkono begani. Kichwa cha mashine kinawekwa wima juu ya ule mfupa unaochomoza nje ya paja. Picha haipimwi mpaka vitu vitatu vionekane kwa pamoja: ncha ya chini ya mfupa wa kiuno katikati ya shimo la kikombe, mstari wa mfupa wa kiuno ukiwa umenyooka sambamba na kichwa cha mashine, na mdomo wa gegedu uliopo ukingoni mwa kikombe. Mstari ukiinama kuingia ndani au ukijipinda kuja nje, umekata mbele mno au nyuma mno. Ikiwa kimoja kati ya vitatu hakionekani, namba yoyote itakayotoka ni ya kutupa, isipokuwa pale kichwa kimetoka kabisa na kukimbia nje ya mkato, ambapo huhitaji pembe kujua kuna tatizo. Kosa la kawaida ni kuulaza mkono. Kichwa cha mashine kikiinama kidogo tu, nyonga nzima huonekana imetoka, na mtoto mzima hupelekwa kwenye mikanda.

Picha ikiwa safi, mistari mitatu huchorwa. Wa kwanza unafuata mfupa wa kiuno ulionyooka. Wa pili unafuata paa la mfupa la kikombe. Wa tatu unatoka kwenye ukingo wa mfupa kupita katikati ya mdomo wa gegedu. Kati ya wa kwanza na wa pili kuna pembe iitwayo alfa, inayosema mfupa wa kikombe umefika wapi. Kati ya wa kwanza na wa tatu kuna beta, inayosema gegedu limesukumwa kiasi gani. Alfa ikiwa kubwa ni heri. Beta ikiwa kubwa ni dalili ya kusukumwa.

Alfa ya 60 au zaidi ni nyonga iliyokomaa, na hadithi yake imekwisha. Kati ya 50 na 59, umri ndio unaoamua: kwa mtoto wa chini ya wiki 12 inaweza kuwa uchanga tu, anapimwa tena baada ya wiki kadhaa, kwa aliyezidi hapo si uchanga tena. Hata ndani ya wiki 12 kuna matarajio, na Graf anataka angalau 55 ifikapo wiki ya sita. Kati ya 43 na 49 kikombe ni kifupi kwa hakika na tiba haisubiri, na hapa beta inaingia kazini: ikivuka 77, kichwa kimeanza kutoka katikati. Chini ya 43, kichwa kimetoka. Baadhi ya wapimaji huongeza kipimo kingine, sehemu ya kichwa iliyofunikwa na paa la mfupa, ambapo nusu au zaidi ni ya kuridhisha. Na mpimaji mzuri husukuma paja kwa upole huku akitazama kioo, aone kama kichwa kinahama.

Mtoto wetu, akiwa na wiki sita, anapata alfa 61 kulia na 46 kushoto, beta ya kushoto 70. Kichwa kimo ndani, hakihami kikisukumwa, lakini kikombe ni kifupi. Nyonga ya aina hii haichomoki mkononi, ndiyo maana mkunga hakuisikia, na asilaumiwe. Ingekuwa 57 angepewa tarehe ya kurudi. Kwa 46 anahitaji mikanda.

Mikanda ya Pavlik ina jina la Arnold Pavlik, daktari wa mifupa wa Kicheki aliyeibuni miaka ya 1940. Kabla yake watoto walifungwa mapaja yakiwa yametanuliwa kwa nguvu, na kwa wengi kichwa cha fupa kilikosa damu, kikafa na kuporomoka. Pavlik aliacha kushurutisha. Mikanda yake inamzuia mtoto asinyooshe na asibane mapaja, lakini inamwacha arushe miguu atakavyo. Ni uzito wa miguu yenyewe na mchezo wa mtoto unaofungua nyonga taratibu na kukipeleka kichwa katikati ya kikombe. Ukielewa hilo utaelewa kila kipimo cha kukaza kinachofuata.

Ukanda wa kifua hukaa usawa wa chuchu, na vidole viwili vya mtu mzima vipite chini yake. Mikanda ya mabega hukutana mgongoni kwa kupishana ili isiteleze. Kila mguu unaingia kwenye kiatu cha kitambaa chenye mikanda midogo ya kufunga, na ule wa juu ukae chini kidogo ya goti. Ukiwa chini zaidi, mguu utajikunja kwenye goti badala ya nyonga. Kutoka kwenye kiatu zinapanda kamba mbili hadi ukanda wa kifua. Ya mbele hukunja nyonga, na kipimo chake ni digrii 90 hadi 110, yaani magoti kuelekea kitovuni bila kufika kifuani. Ya nyuma kazi yake ni kuzuia mapaja yasirudi kubana tu. Haivuti. Ikishafungwa, sogeza magoti yakaribiane kwa upole: yakome yakiwa yameachana kiasi cha sentimita 5 hadi 8. Yakikutana, kamba ya nyuma imelegea. Yakibaki yametanuka kama chura kwenye kitanda na hayasogei, umekaza mno, na hapo ndipo damu ya kichwa cha fupa inapohatarishwa.

Bizimu zikishakaa sawa, mfungaji aweke alama ya kalamu isiyofutika kwenye kila kamba. Mama hatarekebisha chochote, ila atajua kama kamba imeteleza. Kurekebisha ni kazi ya kliniki, kila wiki mwanzoni, kwa kuwa mtoto wa umri huu hurefuka haraka na kamba ya mbele iliyokuwa sahihi mwezi uliopita leo imemkunja kupita kiasi.

Nyumbani mikanda inakaa saa 24, angalau mpaka daktari aseme vingine. Nepi hufungwa chini ya kamba, na kubadilishwa kwa kuingiza mkono chini ya matako, si kwa kuinua vifundo vya miguu. Mtoto huogeshwa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu akiwa amevaa. Hali ya hewa ya visiwani, joto na unyevunyevu, huharibu ngozi haraka, hivyo fulana nyembamba ya pamba iwe chini ya ukanda wa kifua na soksi ndefu ndani ya viatu. Kila siku tazama mikunjo ya kinena, nyuma ya magoti na shingoni. Mafuta ya nazi na poda visipakwe chini ya kamba: hushika jasho, ngozi inalainika na kuchubuka. Alale chali. Apakatwe na abebwe mapaja yakiwa yametanuka kwenye kiuno cha mama, na kwenye daladala au boti vivyo hivyo. Na kama kuna bibi anayemkanda mjukuu na kumnyoosha viungo, aombwe kwa heshima akande mikono na mgongo na aiache miguu. Bibi akishaelezwa kwa nini, huwa mlinzi mkali wa mikanda kuliko yeyote. Nepi mbili au tatu zilizopachikwa pamoja hazichukui nafasi ya mikanda. Haziwezi kuikunja nyonga wala kuishika.

Hatari ambayo mama anaweza kuigundua mwenyewe ni neva ya mbele ya paja kubanwa. Hutokea nyonga ikikunjwa zaidi ya digrii 120, hasa siku za mwanzo na kwa watoto wakubwa wa mwili. Kila asubuhi mtekenye unyayo: mtoto anyooshe goti kwa kurusha teke. Akivuta mguu bila kunyoosha goti, upande ule ule kila mara, asisubiri tarehe ya kliniki. Apelekwe siku hiyo hiyo. Mikanda huvuliwa au kulegezwa, na mara nyingi teke hurudi katika siku au wiki chache. Kukaa na mikanda hiyo hiyo kwa kuhofia kuharibu tiba ndiko kunakoharibu tiba.

Kwa nyonga iliyokuwa imetoka kabisa, ipo hatari nyingine ambayo haionekani kwa jicho la mama. Mikanda inafungwa kwa matumaini kwamba kichwa kitaingia chenyewe. Kama hakikuingia, kinakaa kikisugua ukingo wa nyuma wa kikombe, na kila wiki inayopita inauharibu zaidi ukingo ambao daktari atauhitaji baadaye. Ndiyo sababu altrasaundi hurudiwa ndani ya mikanda, na ikiwa baada ya wiki tatu, au nne kwa wingi, kichwa bado kiko nje, mikanda inavuliwa. Familia huumia kusikia hivyo, na wengine huomba wiki mbili zaidi. Wiki hizo hazimfai mtoto. Njia inayofuata ni kumlaza usingizi wa dawa, kurudisha nyonga kwa mikono, na kufunga plasta ngumu kutoka kiunoni hadi miguuni. Mikanda hushindwa zaidi pale nyonga zote mbili zimetoka, pale ilipoanza baada ya wiki saba, na pale ambapo nyonga haikurudi hata kidogo kwa Ortolani. Baada ya miezi sita mtoto ana nguvu na ukubwa wa kuishinda, na haianzishwi tena.

Nyonga kama ya mtoto wetu, iliyomo ndani lakini fupi, ndiyo inayoitikia vizuri kuliko zote. Alifungwa mikanda akiwa na wiki sita. Wiki moja baadaye alirudi kurekebishwa kamba, teke likiwa zima. Katika wiki ya tatu ya tiba alfa ya kushoto ilisoma 51, katika ya sita 57, na katika ya tisa 62. Angalia kwamba kutoka 46 hadi 51 si lazima kuwe hatua kubwa, kwa sababu wapimaji wawili wazoefu wanaweza kutofautiana digrii tatu au nne kwenye nyonga ile ile. Kinachoaminika ni mwelekeo wa picha kadhaa zenye masharti matatu kamili, na ni bora mpimaji awe yule yule. Mikanda ilivuliwa alipokuwa na wiki 15. Wapo madaktari wanaoipunguza kidogo kidogo, usiku tu kwa wiki chache, na wapo wanaoivua moja kwa moja. Kwa nyonga iliyotulia na kufikia 60 njia zote mbili hutumika. Siku chache za kwanza atabaki amekunja miguu kwa mazoea, na asinyooshwe.

Alfa ya 62 haimfungii faili. Kikombe kinaweza kusita kukua baada ya mikanda kuvuliwa, hasa kwa aliyewahi kutibiwa. Kuanzia miezi minne hadi sita kiini cha mfupa huanza kuonekana ndani ya kichwa cha fupa, mawimbi ya altrasaundi hayapiti vyema tena, na eksirei ndiyo inayosema kweli. Akiwa na miezi sita anapigwa picha ya kiuno akiwa amelala chali, miguu imenyooka na magoti yameelekea juu, kiuno kisigeuke upande. Kwenye picha hupimwa mteremko wa paa la kikombe: karibu na digrii 25 au chini ni vizuri, na ukizidi 30 katika umri huo unataka kufuatiliwa kwa karibu. Picha nyingine hupigwa anapoanza kutembea, na daktari wa mifupa atapanga nyingine za mbele. Kwa hiyo karatasi ya altrasaundi na ya eksirei ziwekwe pamoja na kadi ya kliniki, zikiwa na namba za alfa na beta za kila upande na tarehe ya kila kipimo. Daktari wa Unguja atakayemwona akiwa na miaka miwili atahitaji namba hizo, na maneno "nyonga iko sawa" peke yake hayatamsaidia kulinganisha na chochote.